Dakika za Mtoto wa Arieta

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Seruwaia angewacheka wahenga hao, maana yeye sababu alikuwa nayo, na alikuwa ameiatamia mwaka mzima kama kuku mwenye yai moja.

Sababu yenyewe ilishuka garini asubuhi hiyo mbele ya lango la shule, sare imepigwa pasi, nywele zimefungwa kwa utepe. Ilikuwa Kelera, binti wa Arieta. Nyuma yake alishuka Arieta mwenyewe, mke wa mchungaji, mama wa Isikeli anayesomea udaktari kule Suva, mji mkuu. Neno hilo la udaktari halimtoki Arieta mdomoni hata akiwa ananunua chumvi.

"Mtani!" Arieta alipaza sauti alipomwona Seruwaia kwenye ngazi za ukumbi. "Kumbe ndiye msimamizi mkuu? Maskini watoto wetu! Watu wa kisiwa chenu hamjui saa, mnajua kupwa na kujaa tu."

Kisiwa cha kina Seruwaia na kijiji cha kina Arieta ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana unacheka, ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Basi Seruwaia alicheka.

"Sisi angalau tunatazama bahari, mtani. Nyinyi saa yenu ni tumbo."

"Haya, nimekuachia binti yangu. Kaka yake ameshatutoa aibu, sasa ni zamu yake. Usimtishe kwa hilo jicho."

Arieta aliondoka akicheka, na Seruwaia akabaki na jicho lake. Ameshatutoa aibu. Kwani waliobaki wametia aibu? Alijua utani ni utani, lakini kuna utani unaoingia kama mwiba wa samaki, na huu ulikuwa umekwama kooni tangu mwaka jana.

Mwaka jana, katika shule hiihii, Isikeli na Apakuki, mtoto pekee wa Seruwaia, walifanya mtihani huuhuu wa hisabati wa darasa la kumi na tatu, kila mmoja chumba chake. Katikati ya mtihani mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika. Madirisha ya chuma yalikuwa yamefungwa kuzuia maji, vyumba vikawa giza tupu, na watahiniwa wakaamriwa kuweka kalamu chini. Apakuki alirudi nyumbani jioni, kichwa amekiinamisha. "Chumba cha kina Isikeli waliongezewa nusu saa, Mama. Sisi kuna Masta mmoja, mwalimu mzee wa Kihindi, mwenye masharubu meupe, alikusanya karatasi saa ileile iliyopangwa mwanzoni. Swali la mwisho sikuligusa." Matokeo yalipotoka, Isikeli alipata nafasi ya udaktari, na Apakuki alikosa nafasi ya uhandisi kwa alama chache. Sasa anapanga magunia ghalani karibu na bandari ya Suva.

Seruwaia alitaka kwenda wizarani. Apakuki alimshika mikono, akamsihi: "Tafadhali Mama, acha. Tutaaibika." Moyo wa mama ulijaa. Mtoto ameonewa, na bado anawastahi wakubwa! Akanyamaza, lakini kunyamaza si kusahau. Kila Arieta alipotaja udaktari, Seruwaia alihesabu kimoyomoyo dakika alizoibiwa mwanawe.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi ng'ambo ya mto, na mwaka huu, kwa kuwa hakuwa tena na mtoto ukumbini, wizara ilimteua kusimamia. Alikuta amepangiwa msaidizi mzee wa Kihindi, mwenye masharubu meupe. Jina lake Masta Jainen. Mzee alimnyooshea mkono, na Seruwaia akaupa mkono ule ncha za vidole tu.

"Nimeleta roti, hizi chapati zetu, na viazi, Madam," mzee alisema. "Tutakula pamoja baadaye."

"Mimi nina muhogo wangu," Seruwaia alijibu.

*

Ukumbi ulikuwa mpya. Ule wa zamani uling'olewa paa na kimbunga, na wafadhili wakajenga mwingine wenye madirisha makubwa ya vioo na vidude vyeupe darini vya kunusa moshi. Wafadhili walikuwa watu wazuri, ila hawakuuliza shule imezungukwa na nini. Imezungukwa na miwa, na hapa Labasa miwa huchomwa moto majani yake kabla ya kukatwa.

Saa tatu kamili Seruwaia alisoma maagizo, akatoa dakika kumi za kusoma maswali, akaandika ubaoni: mwanzo saa tatu na dakika kumi, mwisho saa sita na dakika kumi. Kalamu zikaanza. Alipita kati ya safu, mikono nyuma. Alipofika kwa Kelera alipunguza mwendo bila kujitambua. Binti alikuwa anaandika kama mtu anayenakili kitu alichokwishakisoma. Mwandiko wa kaka yake huo, bila shaka. Watu wengine Mungu huwapa kwa ndoo.

Ilipogonga saa nne na dakika kumi, upepo uligeuka. Moshi wa shamba la jirani uliingia taratibu na majivu meusi yanayoelea, na kabla mtu hajakohoa, kile kidude cha darini kilipiga kelele ya kupasua masikio.

Hapo Seruwaia alikuwa mwalimu wa kweli, na tusimnyime sifa yake. Kwanza alitazama saa ya ukutani. Kisha akasema kwa sauti iliyoshinda king'ora: "Kalamu chini! Funga vijitabu. Kila kitu kinabaki mezani. Safu ya dirishani, simameni, tokeni kimya. Atakayezungumza nitamwandika." Masta Jainen alitangulia mlangoni, akiwahesabu kwa kidole. Seruwaia alitoka wa mwisho, akafunga mlango kwa ufunguo ili karatasi zisiguswe, akawapanga watahiniwa kwenye uwanja wa netiboli, kila mmoja mbali na mwenzake hatua kadhaa, nyuso zikielekea barabarani. Huo bado ulikuwa mtihani, ila ulikuwa umehamia juani.

Walikaa nje muda mrefu. Mkuu wa shule alikwenda kukagua, kisha likaja gari la zimamoto ambalo lililazimika kusubiri treni ya miwa ipite. Wazima moto walizunguka ukumbi wakicheka. Mmoja alimwambia mkuu wa shule, "Mngekiwekea kidude chenu kalenda ya mavuno!"

Seruwaia hakucheka. Alikuwa anamtazama Kelera, aliyefumba macho na kusogeza midomo kama anayesali. Hata sala anazo, alifikiri. Baba mchungaji, kaka daktari, na Mungu yuko upande wao. Na sasa hii hapa, dharura ileile ya mwaka jana, na mtoto huyu atarudishiwa kila dakika yake. Wangu hakurudishiwa. Kwa nini wake arudishiwe?

Kanuni aliijua kuliko jina la marehemu mumewe. Akizirai mtahiniwa mmoja, saa yake peke yake ndiyo husimama, mradi asiachwe bila msimamizi, na wenzake huendelea. Wakitolewa wote, kwa umeme au moto, saa ya wote husimama. Msimamizi huandika wakati wa kusimama na wakati wa kuanza tena, na pengo lililo katikati husogezwa mwisho. Hakuna anayezidishiwa wala kupunguziwa. Ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, na yote inategemea neno la mtu mmoja aliyetazama saa.

Masta Jainen alimsogelea, akanong'ona: "Madam, tulinganishe. Mimi nimeona tumesimama saa nne na dakika kumi. Wewe je?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni kabla Seruwaia hajajua kuwa ameliamua.

"Saa nne na nusu."

Mzee alishtuka. Alitazama saa yake ya mkononi, akaigonga kwa ukucha, akaisogeza sikioni. "Nusu? Nina hakika nili..."

"Masta, mimi ndiye niliyetazama saa ya ukutani. Hiyo yako ina umri gani?"

"Mke wangu alininunulia tulipooana."

"Basi imestaafu pamoja nawe."

Masta Jainen aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye mkuu, Madam."

Hakukuwa na furaha yoyote ndani ya Seruwaia, ila aina ya utulivu, kama mtu aliyekuna mahali palipomwasha muda mrefu. Dakika ishirini. Hata nusu saa kamili ya Apakuki hazikufika. Na watahiniwa wengine je? Wazo hilo lilimjia, naye akalisukuma kando. Wengine wangejua wapi? Walitoka mbio, masikio yamejaa king'ora. Nani aliyekumbuka kutazama saa?

*

Walirudi. Aliwaacha wakae, wapumue, wafute majivu mezani. "Pigeni mstari chini ya neno la mwisho mliloandika kabla ya king'ora, ili msahihishaji ajue mlipokatizwa. Tunaanza tena saa nne na dakika hamsini." Kisha akaenda ubaoni, akafuta mwisho wa zamani. Hesabu yake ya uongo ilikuwa safi: walisimama saa nne na nusu, wamepoteza dakika ishirini, mwisho mpya saa sita na nusu.

Aliandika kwa chaki, tarakimu kubwa, mkono thabiti.

Alipogeuka aliona Kelera anatazama ubao, kisha saa ya ukutani, kisha ubao. Midomo ilisogea tena, na safari hii haikuwa sala, ilikuwa hesabu. Mkono wake wa kulia uliinuka hadi usawa wa bega.

Macho yao yakakutana.

Mtoto aliyelelewa huku hambishii mtu mzima mbele za watu, tena mtu mzima mwenye chaki mkononi. Mkono wa Kelera ulijigeuza ukawa mkono unaoweka nywele vizuri, ukashuka. Akainama, akaanza kuandika haraka, haraka mno, na ule mwandiko mzuri ukaanza kuyumba.

Seruwaia alikwenda kusimama kwenye mlango wa nyuma. Mikono yake ilikuwa baridi, na Labasa mwezi huo hakuna kitu baridi. Masta Jainen alikuwa hapo, akiangalia safu zake. Alinong'ona bila kumgeukia, kwa sauti ambayo hata mtahiniwa wa meza ya mwisho asingeisikia.

"Nisamehe kwa saa yangu, Madam. Nimeona haya. Mwaka jana nilisimamia shuleni hapahapa, umeme ukakatika, na sikukosea hata dakika."

Seruwaia aligeuka polepole. "Mwaka jana hukukosea?"

"Hata moja. Nusu saa gizani, nikawarudishia nusu saa yote. Niliandika ubaoni, nikasoma kwa sauti mara mbili. Vyumba vyote viwili sawasawa."

"Sivyo nilivyosikia mimi."

"Umesikia nini?"

"Kwamba ulikusanya karatasi saa iliyopangwa mwanzoni."

Mzee alitabasamu kwa huzuni chini ya masharubu. "Nilikusanya moja. Kijana mmoja mrefu, aliyekaa karibu na nguzo. Saa iliyopangwa mwanzoni ilipofika akasimama, akaniletea kijitabu. Nikamwambia, 'Mwanangu, una nusu saa yako nzima, kaa.' Akasema, 'Nimemaliza, Masta.' Nikafungua nikaona swali la mwisho jeupe pe! Nikamwonyesha kwa kidole. Unajua alifanya nini? Alitazama mlangoni. Kulikuwa na lori la timu ya raga linangoja barabarani, vijana wanapiga honi. Walikuwa wanakwenda kwenye majaribio ya kuchagua timu ya wachezaji saba."



"Huwezi kumfunga mtu kwenye kiti," mzee aliendelea. "Alichukua viatu vyake mlangoni, akavitundika shingoni kwa kamba, akatoka mbio mvuani. Viatu vya njano. Mimi ni mtu wa kriketi, sijawahi kuona viatu vya njano kama vile. Mpaka leo namfikiria. Sijui ni mtoto wa nani."

Viatu vya njano. Seruwaia aliviagiza Suva mwenyewe, vikaja kwa meli, na Apakuki alilala navyo kitandani usiku wa kwanza kama mtoto mdogo. Hakukuwa na vingine katika wilaya nzima, na ndiyo maana mwanawe alivipenda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka mzima alikuwa amemtafuta mwizi kwa jirani, akamwona katika masharubu ya mzee huyu, katika kicheko cha Arieta, katika utepe wa binti asiyejua lolote. Kumbe mwizi alikula muhogo mezani pake, akamshika mikono na kumwambia acha, Mama, tutaaibika. Aliona haya, na alikuwa na haki ya kuona haya. Na yeye, mama yake, aliita ile heshima.

Palikuwa na maumivu, lakini chini ya maumivu palikuwa na jambo baya zaidi, na lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa mkono wake. Ukumbini mlikuwa na mwizi mmoja tu wa dakika. Alikuwa amewaibia watahiniwa wote ili ampate mmoja.

Alitazama ile safu ya vichwa vilivyoinama. Angeweza kukaa kimya. Masta alikuwa ameshamwamini, Kelera alikuwa ameshashusha mkono, na karatasi ya taarifa ya wizara ingeandika alichosema yeye. Uso wake ungebaki safi mbele ya mji. Na jioni Arieta angempitia na utani wake, naye angecheka, akijua.

Alitembea mpaka mbele. Viatu vyake vililia juu ya sakafu mpya.

"Watahiniwa, samahani. Inueni vichwa kidogo." Alikohoa, na kila mtu akadhani ni moshi. "Wakati niliouandika ubaoni si sahihi. Tulisimama saa nne na dakika kumi, si saa nne na nusu. Kosa ni langu. Saa ya Masta Jainen ndiyo ilikuwa sawa, na niliikataa. Mmepoteza dakika arobaini na mtarudishiwa arobaini zote. Mwisho ni saa sita na dakika hamsini. Na hili tangazo nalo limekula dakika moja, kwa hiyo andikeni mpaka saa sita na dakika hamsini na moja."

Alifuta tarakimu kwa kiganja, si kwa kifutio, akaandika upya.

Pumzi ilishuka ukumbini. Kelera alifunga macho kidogo, kisha akavuta karatasi yake karibu na kuandika polepole, herufi baada ya herufi, kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Nyuma, Masta Jainen alitazama saa yake ya mkononi, akaisugua kwenye shati, akashusha mkono taratibu.

*

Saa sita na dakika kumi ilipofika, mwisho uliopangwa mwanzoni, kijana mmoja alifunga kijitabu na kuangalia mlango. Seruwaia alikuwa kando yake kabla hajainuka.

"Umemaliza?"

"Karibu, Madam."

"Karibu si kumaliza. Una dakika zako. Kaa."

Kijana alikaa. Alifungua tena kijitabu, na kabla ya mwisho alikuwa amejaza ukurasa mzima.

Karatasi zilipofungwa na taarifa kuandikwa kwa saa za kweli, Masta Jainen alifungua roti zake kwenye ngazi. Seruwaia alikaa kando yake bila kuitwa, akachukua moja.

"Na muhogo wako?" mzee aliuliza.

"Utaula wewe. Masta, nilikudhulumu leo."

"Moshi ulikuwa mwingi," mzee alisema, akamsogezea viazi.

Arieta alikuwa langoni, jua limemchoma. "Mtani! Nimengoja mpaka nimekauka kama dagaa! Nilisema mimi, watu wa kisiwa chenu hamjui saa!"

Kelera alimshika mkono mama yake. "Mama, acha. Madam ametulindia dakika zetu zote."

Arieta aliacha kucheka. Alimtazama Seruwaia, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alisema neno lisilo na mzaha. "Asante, dada yangu. Laiti na Apakuki wako angempata mtu kama wewe."

Hakuna utani uliowahi kumchoma Seruwaia kama shukrani ile. Aliitikia kwa kichwa, akasubiri gari liondoke, akatoa simu. Ililia muda mrefu. Nyuma ya sauti ya mwanawe alisikia magunia yakidondoshwa.

"Mama? Kuna nini? Ni saa ya kazi."

Alikuwa ameandaa maneno mengi tangu mlango wa nyuma. Yote yalimtoka, likabaki swali moja.

"Apakuki. Lile lori la raga, siku ya hisabati, liliondoka saa ngapi?"

Magunia yaliendelea kudondoka. Mtu alimwita Apakuki kwa jina, hakuitika. Seruwaia alingoja. Angengoja mpaka jua lizame, maana safari hii saa ilikuwa ya mwanawe peke yake, na hakutaka kumpunguzia hata dakika.

"Saa sita na robo, Mama," Apakuki alisema. "Nami nilikuwa ndani."